Riba Mtwara, gawio ughaibuni: mkopo unaokatwa huku na kusamehewa kule

Wahasibu wa viwanda vya korosho na wa miradi ya kinywe huku Kusini huulizana sana juu ya viwango vya riba wanavyotozwa na kampuni mama. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: malipo hayo yanaitwaje yakifika kule yanakokwenda? Hapa yakiitwa riba na kule yakaitwa gawio, faida ileile inaweza kupita nchi mbili bila kodi ya mapato ya kampuni kutozwa popote. Huo ndio mpangilio mseto. Una sura nyingi, ila hapa nitabaki na moja tu, mkopo wenye tabia za hisa, kwa sababu ndio unaojificha vizuri zaidi ndani ya vitabu vya kawaida.

Chukua kiwanda cha kubangua korosho cha kufikirika, kiko Mtwara, hisa zake zote zinamilikiwa na kampuni ya nje. Kampuni mama inakipa shilingi bilioni 10 kwa mkataba ulioandikwa "mkopo", kwa asilimia 12 kwa mwaka. Ukisoma ndani unakuta mkopo hauna tarehe ya kurejeshwa, riba inadaiwa tu mwaka wenye faida, na kiwanda kikifilisika mkopeshaji analipwa baada ya wadai wengine wote. Hapa nchini kiwanda kinauhesabu kuwa deni, na riba yake inakatwa kwenye faida kabla ya kodi kukokotolewa. Sheria ya nchi ya kampuni mama inatazama masharti hayo na kusema hiki ni kipande cha mtaji, kwa hiyo kinachorudi ni gawio. Nchi nyingi husamehe gawio linalotoka kwenye kampuni tanzu, kwa hoja kwamba faida yake ilishatozwa kodi ilikozalishwa. Kwa mkopo huu hoja hiyo haina msingi, maana faida haikutozwa.

Riba ya mwaka ni shilingi bilioni 1.2. Tufuate faida hiyo bilioni 1.2 kwa njia tatu, tukichukulia kwamba kodi ya kampuni kule ni asilimia 25.

Fedha zingeingia kama hisa za kawaida, Tanzania ingetoza asilimia 30, yaani milioni 360. Zingebaki milioni 840 za kugawa, na kodi ya zuio ya asilimia 10 juu yake ni milioni 84. Jumla ni milioni 444. Zingeingia kama mkopo halisi, riba ingekatwa kwenye faida hapa na kodi ya zuio ingekuwa milioni 120. Kule kampuni mama ingedaiwa milioni 300, ingepunguziwa zile 120 zilizokwisha kulipwa, na kumalizia 180. Jumla ni milioni 300. Kwa mkopo mseto riba inakatwa hapa, zuio la milioni 120 linalipwa, na kule hakuna kinachotozwa. Jumla ni milioni 120 basi, yaani asilimia 10 ya faida ambayo kwa njia ya hisa ingetozwa asilimia 37.

Wengi hutegemea ukomo wa deni kwa mtaji kuzuia jambo hili. Kampuni ambayo wageni wanamiliki robo au zaidi hairuhusiwi kukata riba ya deni linalozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji. Mtaji wa kiwanda chetu ukiwa bilioni 3, deni linalokubalika ni bilioni 7, na riba ya bilioni 3 zilizozidi, yaani milioni 360, inakataliwa. Lakini mtaji ukiwa bilioni 6, ukomo unapanda hadi bilioni 14, na riba yote ya mkopo mseto inapita bila kuguswa. Kanuni hii hupima ukubwa wa deni. Haiulizi kama deni hilo ni deni kweli. Kanuni za bei kati ya kampuni zenye uhusiano nazo huuliza kama asilimia 12 ni bei ya soko. Ikiwa ni ya soko, mseto unabaki salama. Kinachobaki ni mamlaka ya jumla ya Kamishna wa kodi kurekebisha mipango ya kukwepa kodi. Hiyo ni silaha nzito, na inahitaji ushahidi wa kusudio.

OECD, shirika la nchi tajiri linaloandaa viwango vya kodi vya kimataifa, katika ripoti ya Oktoba 2015 ilipendekeza kanuni isiyohitaji kuthibitisha kusudio. Nchi ya mlipaji inakataa kukata malipo kwa kiasi kile ambacho hakikuingia kwenye mapato ya kawaida ya mpokeaji. Nchi ya mlipaji isipofanya hivyo, ya mpokeaji inayatoza. Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye sheria zake tangu tarehe 1 Januari 2020, hata kwa malipo yanayotoka nje ya Umoja huo. Kwa hiyo kampuni mama ikiwa ndani ya Umoja huo, msamaha wa gawio unaondolewa na kodi inalipwa, ila inalipwa kule. Katika mfano wetu Tanzania inabaki na milioni 120 zake za zuio, na milioni 180 zinaingia hazina ya nchi nyingine, ingawa korosho zilibanguliwa Mtwara. Hilo kwangu linauma kuliko ukwepaji wenyewe.

Si kila pengo ni mseto. Kampuni mama ikikaa nchi isiyotoza kodi kabisa, riba haitozwi kwa sababu ya kiwango cha nchi ile, si kwa sababu nchi mbili zimeupa mkataba sura mbili. Tofauti inayoletwa na kubadilisha dola kuwa shilingi nayo haihesabiki. Mapato yakiingizwa kule mwaka wa fedha unaofuata, kanuni ya OECD inavumilia, mradi mwaka huo uanze ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa mlipaji kuisha. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kudai kwamba kodi ya zuio inaonyesha malipo yametozwa. Kwa kanuni hii zuio halihesabiki; kinachotazamwa ni kama malipo yameingia kwenye mapato ya kawaida ya mpokeaji.

Kuutambua mseto, anza na mkataba kabla ya leja. Kiwanda cha korosho kinahitaji fedha minada inapofunguliwa kwenye Oktoba ili kununua korosho ghafi, na mkopo wa kazi hiyo hurudishwa mzigo ukishauzwa. Mkopo usio na tarehe, au wa miaka 50, haufanani na hitaji hilo. Linganisha mkataba na taarifa zilizotumika kusajili mkopo Benki Kuu ili kupata namba ya kumbukumbu ya deni: ratiba ya marejesho iliyoandikwa kule na ukimya wa mkataba haviwezi vyote kuwa kweli. Kisha fungua hesabu zilizokaguliwa za kampuni mama. Bilioni 10 zikionekana kwenye uwekezaji katika kampuni tanzu badala ya mikopo, hiyo ni dalili nzito.

Hata hivyo hesabu za fedha si hesabu za kodi, kwa hiyo omba barua ya kampuni mama inayojibu mambo matatu: malipo yameingizwa kwenye ritani ya mwaka gani, kama mapato ya aina gani, na kama yamepata msamaha wowote. Barua inayosema tu kwamba "kodi zote zimelipwa" irudishe. Jibu likionyesha msamaha, mkataba uandikwe upya kabla ya riba ya mwaka unaofuata kuanza kuhesabiwa: ama uwekewe tarehe na ratiba ya marejesho inayofuatwa kweli, ama bilioni 10 zigeuzwe hisa. Riba iliyokwisha kukatwa miaka ya nyuma haisafishwi na mkataba mpya. Hiyo inahitaji ritani zilizorekebishwa.