Lugha yenye uhaba wa data: kwa nini simu haijui maji yakipwa

Shangazi yangu wa Tongoni, kusini kidogo ya Tanga mjini, hapendi kuandika. Akiwa na neno hushika simu na kutuma sauti. Siku moja alimwambia binti yangu: "Kesho maji yakipwa saa nne twende wote mwambani tukatafute pweza." Binti yangu alikuwa darasani, hawezi kusikiliza, akaiagiza simu imgeuzie ile sauti iwe maandishi. Simu ikaandika: "Kesho maji yakipoa saa nne twende wote mwambani tukatafute pweza." Mtoto akabaki kujiuliza maji gani yanachemshwa, na ya nini, kumbe shangazi alisema maji ya bahari yakirudi nyuma.

Wataalamu wa teknolojia ya lugha wana jina la tatizo hili. Wanasema Kiswahili ni lugha yenye uhaba wa data. Wengi wakisikia hivyo hukasirika, wakadhani wameambiwa lugha yao ni maskini wa maneno au haina wenyewe. Kwa hesabu ya UNESCO wanaoisema wanapita milioni 200. Uhaba unaosemwa ni wa kitu kingine: maandishi na sauti ambazo mashine inaweza kuzifikia, kuzisoma na kujifunza kwazo.

Simu haina kamusi ya kufungua pale inaposikiliza. Inafanya kazi mbili. Kwanza inapima sauti: hapa pamesikika kitu kama "yakip-", kikafuatwa na midomo kuviringwa kidogo, kisha "a". Hapo "yakipwa" na "yakipoa" yanakaribiana sana, hasa upepo ukiwa unavuma kwenye kipaza sauti. Kazi ya pili ni kubahatisha kwa mazoea: katika maandishi yote iliyofundishiwa, baada ya "maji" huja nini mara nyingi? Maji yanayopoa yamo katika kila maelezo ya chai, uji, dawa na kumwogesha mtoto. Maji yanayokupwa hayamo, au yamo mara chache mno. Sikio likisita, mazoea ndiyo yanayoamua. Kwa hiyo simu haikusikia vibaya sana. Ilifuata ilichozoea kusoma.

Basi kwa nini haijasoma kuhusu kupwa kwa maji, na pwani yenyewe imepata jina kwa neno hilo hilo?

Tazama maandishi yanakotoka. Modeli nyingi, yaani programu zinazojifunza lugha kwa kusoma maandishi mengi, hulishwa kurasa zilizokusanywa na mradi uitwao Common Crawl, unaozunguka intaneti na kuokota kurasa za wazi. Humo Kiingereza peke yake kina zaidi ya asilimia 40. Kiswahili hakifiki hata ukurasa mmoja katika elfu moja. Na kile kidogo kilichomo kina ladha yake: habari za siasa na mpira, maandiko ya dini, matangazo ya serikali na mashirika, na kurasa ambazo mashine nyingine imezitafsiri kutoka Kiingereza. Mvuvi anapotajwa, anatajwa kwa sababu waziri amemtembelea. Anachosema mwenyewe akiwa chomboni hakimo.

Na si kwamba Tanga hawakuandika. Gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilichapwa hapa Tanga enzi ya Wajerumani, mpaka mwaka 1916. Lakini gazeti la karatasi halisaidii mashine mpaka lipigwe picha, na picha isomwe herufi kwa herufi. Hapo wino uliofifia na safu nyembamba za maandishi huzaa makosa ambayo lazima mtu ayasahihishe. Zaidi ya hapo, tahajia ya wakati ule si hii tuliyoipata baada ya usanifishaji wa miaka ya 1930. Hata mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili unaosifika sana kwa watafiti, ule wa Chuo Kikuu cha Helsinki, una maneno kama milioni 25, sehemu kubwa kutoka magazetini. Kwa mtu ni mengi kupita kiasi. Modeli kubwa za Kiingereza husoma maneno kwa matrilioni.

Mazungumzo yetu yenyewe yako kwenye sauti za simu, ambazo ni siri ya watu na ziendelee kuwa siri, na kwenye redio, ambako sauti ni mali ya kituo na hakuna aliyeiandika neno kwa neno.

Umbo la lugha nalo linaongeza ugumu. Mwingereza ana kitenzi chenye sura nne au tano. Sisi tuna yanakupwa, yamekupwa, yakipwa, yalipokupwa, hayajapwa, yatakapokupwa, na bado. Neno ambalo tayari ni adimu linagawanywa katika sura nyingi, kila sura ikawa adimu zaidi. Ili kupunguza shida hiyo mashine hukata maneno vipande vipande, ikitumaini kwamba kipande kitatambulika popote kilipo. Lakini kipande "pwa" imekiona zaidi ndani ya kulipwa na kuchapwa. Hakina harufu ya bahari hata kidogo.

Sasa ukitaka kujua ubora wa programu ya namna hii, waundaji watakupa kipimo cha maneno yaliyokosewa katika kila mia. Sentensi ya shangazi ina maneno kumi na limekosewa moja: asilimia 10, alama ambayo wengi wangeifurahia. Tisa sahihi, na ujumbe umeharibika. Kipimo hakijui kwamba makosa hayatawanyiki sawasawa. Yanarundikana kwenye maneno ya kazi ya mtu, kama bamvua, maji mafu, kusi na dema, yaani yale yale aliyokuwa anataka kuyasema. Kinachodanganya zaidi ni kwamba kosa linatoka likiwa limevaa vizuri. "Yakipoa" ni Kiswahili fasaha, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Kisha maandishi hayo yakipelekwa kwenye tafsiri ya Kiingereza, "saa nne" inaweza kutoka kama saa kumi ya alasiri, kwa kuwa namba imegeuzwa bila hesabu yetu ya saa, na pweza wenyewe watakuwa wamekwisha funikwa na maji.

Dawa yake inajulikana, ila ni ya taratibu. Miradi kama Common Voice ya Mozilla hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi. Inasaidia mashine kuzoea lafudhi, lakini msomaji anasoma alichowekewa. Sentensi zikitoka kwenye kurasa zile zile, yakipwa haimo. Inabidi kurekodi watu wakizungumza kazi yao, kwa ridhaa yao, kisha mtu akae aandike. Nimejaribu na shangazi na wenzake wawili, chini ya mkungu. Saa moja ya maongezi ilinichukua siku nzima ya kuandika, maana wanadakizana, wanacheka, na jogoo hakunyamaza.

Na hapo nikakwama mahali ambapo sikutegemea. Sarufi ya shule inataka "maji yanakupwa". Shangazi alisema "maji yanapwa", mara zote. Nikisahihisha, mashine itajifunza Kiswahili cha kitabuni na kuendelea kutomsikia. Nikiacha, neno adimu linapata sura nyingine ya kugawana uadimu wake. Nilimuuliza lipi niandike. Akasema, "Mwanangu, andika nililosema." Nikaandika yanapwa.