Sabuni ya Nazi Tupu Si Laini: Dhana za Mafuta Zinazonichosha

Wanaonijia hapa Malindi na sabuni zao wengi wana lalama moja: mteja kasema inamkausha, mikono inapauka, watoto wanajikuna. Nikiuliza imepikwa kwa mafuta gani, jibu nalijua kabla halijatoka. "Nazi tupu, mwalimu. Tena nazi safi, tumekamua wenyewe." Wanalisema kwa fahari, kana kwamba kosa haliwezi kuwa hapo. Kosa liko hapo hapo.

Dhana: Mafuta ya nazi hulainisha ngozi, basi sabuni ya nazi tupu ndiyo laini kuliko zote

Hakuna Mswahili asiyepakwa mafuta ya nazi utotoni, na sina ugomvi nayo yakiwa kwenye chupa. Lakini ukishayachanganya na kostiki, yale si mafuta tena. Kila tone lililokutana na kostiki limevunjika likawa vitu viwili: sabuni na gliserini. Kinachomgusa mteja bafuni ni sabuni ya zile asidi zilizokuwa ndani ya mafuta, na tabia yake ni nyingine kabisa.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na sehemu nyingine kama moja kwa sita hivi ni miristiki. Hizi ni asidi fupi. Sabuni yake huyeyuka majini upesi, hutoa povu kubwa papo hapo, na hushika mafuta kwa nguvu. Haichagui kati ya mafuta ya samaki yaliyobaki kiganjani na yale ya asili yanayoilinda ngozi. Yote inayabeba. Tena kwa kuwa ni fupi, hupenya tabaka la juu la ngozi kwa urahisi zaidi kuliko asidi ndefu kama oleiki, ambayo ndiyo nyingi katika zeituni. Ule mkwaruzo unaousikia ukipitisha kidole kwenye mkono uliooshwa, ambao watu huuita usafi, ni ngozi iliyovuliwa mafuta yake.

Wapo wanaokuja na karatasi za kupima ukali, wakanionyesha kuwa sabuni yao ya nazi na ile ya zeituni zina rangi moja. Zitakuwa nayo. Sabuni zote za kostiki zilizoiva hukaa karibu 9 hadi 10 kwenye kipimo cha pH. Ukavu wa nazi hautoki huko, unatoka kwenye aina ya asidi. Karatasi haiwezi kukuonyesha hilo.

Nichukue mfano wa kilo moja, maana ndicho kipimo wengi wanachoanzia. Gramu 1000 za nazi zinahitaji kama gramu 183 za kostiki ili zigeuke sabuni zote. Kawaida tunapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa, kwa hiyo unapima gramu 174. Hii ndiyo sabuni inayoletwa kwangu: nyeupe, ngumu, ina povu la kupendeza, na inapausha. Kwa nazi tupu asilimia 5 haitoshi. Ukitaka kubaki na nazi peke yake, acha asilimia 20 ya mafuta bila kuliwa, yaani kostiki ishuke hadi gramu 146. Povu litapungua kidogo, ugumu utabaki, na mkono utaona tofauti. Hiyo inafaa kwa anayeuza kwa jina la "nazi tupu" na hataki kulipoteza.

Mimi napendelea kuchanganya. Kwa kilo ile ile weka nazi gramu 300, mawese 450, simsim 200 na mafuta ya mbarika 50. Nazi inaleta povu la haraka na ugumu wa siku ya kwanza. Mawese yana asidi ya palmitiki nyingi, nayo ndiyo inayofanya kipande kisiishe upesi. Simsim, ambayo watu wa Lamu bara wanalima, inapunguza ukali. Mbarika inalishika povu lisipotee. Kostiki unaihesabu kwa kila mafuta peke yake: nazi 54.9, mawese 63.9, simsim 26.8, mbarika 6.4. Jumla ni gramu 152, ukipunguza asilimia 5 unapata 144. Maji nachukua mara mbili ya kostiki, kama gramu 290. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na macho yawe yamefunikwa.

Anayetaka povu zaidi apandishe nazi hadi 350 na ashushe mawese. Kwa sabuni ya mwili inayoogewa maji matamu, mimi sivuki hapo ikiwa ziada ya mafuta yasiyoliwa ni asilimia 5.

Nimesema maji matamu kwa makusudi, maana hapo ndipo nazi inapopewa haki yake. Sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, mahali ambapo sabuni ya zeituni au ya mawese hubaki utelezi bila povu. Mabaharia waliijua zamani kwa sababu hiyo. Mtu anayeuza mitaa ya Lamu ambako kaya nyingi zinategemea visima vyenye chumvi, nikimwambia ashuke hadi nazi 300 wateja watamrudishia sabuni. Huyo naye atumie nazi nyingi na aache ziada kubwa ya mafuta. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza mafuta gani, niambie mteja wako anaogea maji gani. Sijui kwa nini swali hili huwashangaza watu kila mara.

Dhana: Mafuta ni mafuta, yakikosekana haya weka yale kwa kipimo kile kile

Hii hainichoshi, inanitisha. Nazi ikipanda bei sokoni mtu anatia nusu simsim, na kostiki anaiacha ilivyokuwa. Tuhesabu. Kostiki yake ni gramu 174, aliyozoea kwa kilo ya nazi. Sasa ana nazi 500, inayotaka 91.5, na simsim 500, inayotaka 67. Yote pamoja yanakula 158.5 tu. Gramu 15 na zaidi zimebaki bila mafuta ya kula, na zitakwenda kwenye ngozi ya mtu.

Nazi hutaka kostiki nyingi kwa sababu asidi zake ni fupi na nyepesi, kwa hiyo katika gramu moja zimo nyingi zaidi, na kila moja inadai sehemu yake. Zeituni, simsim na alizeti zinakaribiana, unaweza kuzibadilisha bila balaa. Nazi haibadilishwi na chochote kati ya hizo bila kupiga hesabu upya. Dalili ya kostiki iliyozidi ni kipande kinachokatika kama chaki, kilichotoa unga mweupe au vijishimo vyenye majimaji ndani, na ukikigusa kwa ncha ya ulimi kinapiga kama umeme mdogo. Unga mwembamba wa juu peke yake usikutishe, mara nyingi huo ni hewa tu imekutana na sabuni mbichi. Kipimo ni ulimi. Kikipiga baada ya wiki sita, usikiuze.

Dhana: Sabuni ngumu ndiyo inayodumu

Kuna ugumu wa kutoka kwenye kalibu na kuna kudumu bafuni, na havitoki kwenye mafuta yale yale. Nazi tupu inakuwa jiwe ndani ya saa chache, hata ukichelewa kuikata inavunjika vipande vipande, lakini ikilowa inayeyuka upesi kwa sababu ile ile iliyoipa povu. Zeituni ni kinyume: wiki za kwanza unaacha alama ya kidole juu yake, miezi ikipita inakuwa ngumu, ila ikikaa kwenye sahani yenye maji inatoa ute. Mawese ndiyo yanayodumu.

Usihukumu kwa kubonyeza. Pima uzito wa vipande viwili vilivyokauka sawasawa, vitumieni nyumbani juma zima kwa zamu, vikaushe, vipime tena. Msimu wa mwaka, mvua ikishika, usikate shauri haraka: gliserini huvuta unyevu wa hewa na sabuni nzuri kabisa hutoka jasho rafuni. Mvua inapoanza mimi huongeza muda wa kukausha kutoka wiki nne hadi sita, na sifungi karatasi mpaka jasho liishe.

Dhana: Povu jingi ni usafi mwingi

La. Povu ni hewa. Zeituni ina povu dogo la mafuta-mafuta na inaosha vizuri. Mteja analipenda povu na hilo ni jambo la biashara, lichukulie hivyo.

Dhana: Mbarika ikiongeza povu, basi tia nyingi

Mbarika yenyewe haina povu la maana. Inalishikilia la wenzake. Asilimia 5 inatosha, 8 ni mwisho wangu. Ukifika 20 unapata kipande kinachonata mkononi na kulegea.

Dhana: Mafuta ya tui hutoa sabuni bora kuliko ya mbata

Asidi ni zile zile, kwa hiyo povu, ugumu na ukali ni vile vile. Kostiki haijali harufu uliyoilipia. Ya tui yawekee watu wa kupaka nywele. Ukiyatumia hata hivyo, yachemshe mpaka yaache kulia, maana maji yaliyobaki ndani unayapima kama mafuta na hesabu yako yote inakuwa ya uongo, kisha yachuje mashapo yote.

Dhana: Alizeti ni rahisi na laini, ijaze

Ni laini kweli. Lakini alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, na hiyo ndiyo inayochacha mapema katika joto letu. Sabuni inaanza kwa madoa madogo ya rangi ya chungwa, halafu harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyolala. Simsim nayo ina linoleiki, ndiyo maana kwenye ile kilo nimeiwekea 200 na si 400. Ukiweka alizeti mahali pa simsim, usipite gramu 100 katika kilo, upungufu uujaze kwa mawese ukipiga hesabu ya kostiki upya, na usiache ziada kubwa ya mafuta, kwa sababu mafuta yasiyoliwa ndiyo yanayochacha kwanza. Duka lililo juani litayaonyesha madoa kabla ya mteja kumaliza kipande cha kwanza.