Karani Athumani Pazi na pensheni iliyokwama kwa jina la Othman Selemani

Karani wa masjala anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mkoba wake una kila karatasi aliyoagizwa kupeleka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF). Baada ya wiki kadhaa anaitwa dirishani: "Mzee, barua hii ya ajira si yako." Mtu huyu na majina yake ni vya mfano, lakini tatizo lake ni la kila siku kwa sisi tunaoandaa majalada ya wastaafu. Nimfuate hatua kwa hatua, maana namna jambo hili linavyofunguliwa haijulikani sana hata kwa maafisa utumishi.

Barua yake ya kuajiriwa kwa mara ya kwanza, ya tarehe 1 Julai 1990, imeandikwa kwa taipureta: "Ndugu Athumani R. Pazi, umeajiriwa kuwa Karani Daraja la III kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni." Cheti chake cha kidato cha nne kinasema Athumani Rashidi Pazi. Pazi ni jina la ukoo, ndilo alilopelekwa nalo shule. Mwaka 2014 alipojiandikisha NIDA aliulizwa jina lake, la baba na la babu, akajibu kwa uaminifu: Othman Rashid Selemani. Benki ikafuata kitambulisho, mishahara ikafuata benki, na taarifa zake za mfuko zikafuata mishahara.

Kwa hiyo kuna tofauti tatu, na uzito wake haulingani. Athumani na Othman ni jina moja kwa tahajia mbili, kama Hamisi na Khamis au Saidi na Said. "R." ni ufupisho wa Rashidi. Hizi mbili mara nyingi humalizwa na barua ya mwajiri. Ya tatu, Pazi kuwa Selemani, ndiyo inayozuia malipo, kwa sababu hapo mtu asiyemjua mzee huyu ana haki ya kuuliza kama ni mtu mmoja au wawili.

Wengi hudhani kinachobishaniwa ni pensheni yote. Kwa mtumishi wa serikali kuu, mpaka uko Julai 1999, mfumo wa kuchangia ulipoanza. Tangu hapo utumishi wake unathibitishwa na michango. Miaka ya kabla ya hapo haina mchango hata mmoja. Inathibitishwa na barua ya ajira na jalada binafsi tu, na vyote viwili vinasema Pazi.

Hesabu yake ni hii. Kikokotoo kinazidisha miezi ya utumishi kwa wastani wa mshahara, kisha kinagawa kwa 580. Tuseme wastani ni shilingi 870,000, maana yake kila mwezi wa utumishi una thamani ya shilingi 1,500. Kuanzia Julai 1990 hadi Juni 2024 ni miezi 408, sawa na shilingi 612,000 kwa mwezi kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Barua ya 1990 ikikataliwa, inabaki miezi 300, yaani shilingi 450,000. Tofauti ni shilingi 162,000 kwa mwezi kabla ya mkupuo, na sehemu yake inayobaki baada ya mkupuo itamfuata maisha yake yote. Ndiyo maana simshauri mstaafu akubali kulipwa "kile kisicho na utata" bila kuandika kwamba bado anadai miezi iliyobaki.

Kazi ya kwanza ni kuomba hoja ya mfuko kwa maandishi. Maneno ya dirishani hubadilika na kila afisa, na mzee anaweza kutibu tofauti isiyo na shida huku ile inayomzuia ikibaki pale pale. Kisha namwandikia orodha ya kila hati: jina herufi kwa herufi pamoja na nukta zake, mwaka, na namba yoyote iliyomo.

Orodha hiyo ndiyo inayotuonyesha daraja. Naita daraja hati yenye jina la zamani na kitu ambacho hakijabadilika hadi leo. Kwa karani huyu ni hati ya mshahara ya Novemba 2002. Juu imeandikwa A. R. PAZI, na ina cheki namba, yaani namba ya mtumishi kwenye malipo ya mishahara, ile ile iliyo kwenye hati yake ya mwisho ya mshahara ya 2024, ambayo jina lake ni Othman Rashid Selemani. Majina mawili, cheki namba moja. Cha pili ni tarehe ya kuzaliwa: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na kwake zinasoma 19640701. Zikilingana na fomu ya kumbukumbu binafsi aliyojaza 1990, kesi inasimama. Zisipolingana, ana matatizo mawili, na la tarehe ndilo la kuanza nalo.

Hapo ndipo kiapo kinapoingia. Watu hukimbilia kwa wakili siku ya kwanza na kurudi na karatasi inayosema tu "mimi ndiye yule yule". Kiapo ni neno la mwapaji mwenyewe, na bila daraja hakina cha kuegemea. Kiapo kizuri kinataja kila umbo la jina kama lilivyo kwenye hati, pamoja na "Athumani R. Pazi" na "A. R. Pazi", kinataja kila hati na tarehe yake, kinaeleza kwa nini jina lilibadilika, na kinaambatanishwa nakala. Mwishoni kamishna wa viapo lazima aandike mahali na tarehe kilipoapwa. Sheria inataka hivyo, na nimeona viapo vikirudishwa kwa sababu ya nafasi hiyo kuachwa tupu. Hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati ni kitu kingine: ni ya anayeacha jina moja na kuchukua jingine. Barua ya hoja ndiyo ikuambie mfuko unataka ipi, kabla hujalipia yoyote.

Barua ya mwajiri ndiyo ya mwisho na ndiyo nzito. Isiandikwe "tunamfahamu". Itaje namba ya jalada binafsi, folio, yaani karatasi zenye namba ndani ya jalada, za barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo, na iseme kwamba mtumishi wa folio hizo ndiye mwenye cheki namba fulani. Nakala za folio zenyewe zigongwe muhuri. Jalada likiwa limepotea, ofisi hufungua jalada la muda, na hapo ndipo ajali hutokea: karani mpya huliandika kwa jina la kitambulisho cha sasa, na Pazi anatoweka kabisa. Jalada hilo lifunguliwe kwa majina yote mawili, kisha nakala zitafutwe vituo alivyowahi kuhamishwa.

Kosa baya kuliko yote ni kwenda NIDA kurudisha jina la Pazi. Benki, laini ya simu na taarifa za mfuko zitaachana na kitambulisho, na tofauti moja itazaa nne. Jina la sasa liachwe lilivyo, ushahidi ndio uvutwe kutoka nyuma kuja mbele.

Mwenye miaka 57 au 58 aende masjala sasa, aombe kuona folio ya kwanza ya jalada lake, na alinganishe na kitambulisho. Kama majina hayafanani, aape yeye mwenyewe angali kazini. Akifariki kabla, mjane au watoto wataapa juu ya mambo ya 1990 waliyoyasikia tu, na kiapo cha kusikia hakina nguvu ya kiapo cha aliyekuwepo.