Maumivu ya uso yanayoitwa sainasi: kipandauso, jino na nafasi ya siti skani

Wagonjwa wengi wanaofika kwangu katika kliniki ya masikio, pua na koo hapa Mtwara huja wakiwa wamekwisha kuupa ugonjwa wao jina, na jina hilo ni sainasi. Idadi yao huongezeka katika miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, kwa sababu vumbi lake huwasha macho, huchokoza pua na kuleta chafya na makamasi mepesi. Mtu anayeumwa kichwa na uso wakati huohuo hana sababu ya kutafuta maelezo mengine. Hata hivyo, sainasi zenyewe, yaani vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, mara nyingi hazihusiki kabisa na maumivu hayo.

Nichukue mfano wa mama mmoja wa makamo, mkulima wa korosho kutoka upande wa Tandahimba, ambaye alikuwa ametumia amoksilini mara nyingi katika kipindi cha miaka miwili, na kila mara alihisi nafuu baada ya siku mbili au tatu. Nafuu hiyo ndiyo iliyomshawishi kwamba dawa inafanya kazi. Nilimwomba asiniambie tena neno sainasi, bali anisimulie siku moja ya maumivu tangu yanapoanza hadi yanapokwisha. Alisema kwamba huanza kwenye shavu na nyuma ya jicho, zaidi upande wa kushoto ingawa mara nyingine huhamia kulia, kisha hupwita kwa kufuata mapigo ya moyo. Jicho hutoa machozi na pua huziba. Nilipomuuliza anafanya nini wakati huo, alijibu, "Daktari, siku hiyo sipiki wala siendi shamba. Nafunga dirisha nalala, na hata harufu ya samaki wa kukaanga inanitapisha." Kesho yake au keshokutwa huamka mzima.

Maelezo hayo ni ya kipandauso. Kipandauso kisichotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, kwa hiyo nafuu ya siku ya pili au ya tatu ingekuja hata kama mama huyu angekunywa maji matupu. Maswali matatu hunisaidia kuliko kifaa chochote: je, mwanga unakukera, je, unasikia kichefuchefu, na je, katika miezi mitatu iliyopita maumivu yamekuzuia kufanya kazi zako kwa siku moja au zaidi? Anayejibu ndiyo kwa maswali mawili kati ya hayo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kipandauso. Katika utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, ambao ulihusisha karibu watu 3,000 walioamini kuwa wana kichwa cha sainasi, 88 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za aina ya kipandauso.

Kinachowachanganya wagonjwa, na wakati mwingine sisi waganga pia, ni pua iliyoziba. Neva inayobeba hisia za uso, iitwayo trijemina, ndiyo hiyohiyo inayopokea maumivu ya kipandauso, ya sainasi za shavuni na ya meno ya juu. Inapochokozwa na kipandauso, huamsha pia neva nyingine zinazotanua mishipa ya damu puani na kufungulia machozi. Kwa hiyo pua iliyoziba pamoja na makamasi mepesi kama maji si ushahidi wa usaha. Maambukizi ya sainasi yana makamasi mazito ya njano au kijani, pua iliyoziba na kupungua kwa uwezo wa kunusa, na maumivu hukaa siku nyingi mfululizo badala ya kuja na kuondoka. Tena mengi huanza na mafua ya virusi yanayopona yenyewe. Nafikiria bakteria pale dalili zinapovuka siku 10 bila nafuu, au mgonjwa anapoanza kupata nafuu kisha akazidiwa upya.

Mama huyu alikuja na picha ya siti skani aliyokuwa amegharamia mwenyewe, na majibu yalisema kwamba utando wa sainasi ya shavu la kulia umenenepa kidogo. Maumivu yake makali, kama nilivyosema, yalikuwa kushoto. Utando ulionenepa kidogo, au kifuko kidogo cha majimaji, huonekana kwa watu wengi wasioumwa chochote, na mafua ya kawaida peke yake huweza kuzijaza sainasi kwa muda. Nilipochungulia pua yake kwa kamera nyembamba sikuona usaha wala nyama za pua. Nilisimamisha antibayotiki na kumpa ibuprofeni ya miligramu 400 ameze mara tu dalili zinapoanza, akiwa amekula, baada ya kuhakikisha kwamba hana vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Nilimtaka pia aandike siku anazomeza dawa za maumivu, kwa kuwa anayezimeza siku 15 au zaidi kila mwezi anaweza kupata maumivu mapya ya kichwa yanayotokana na dawa zenyewe. Kama mashambulizi yangeendelea kuwa mengi, hatua iliyofuata ilikuwa dawa ya kinga ya kila siku.

Kuna picha ambayo nisingeipuuza, nayo ni sainasi moja ya shavu iliyojaa kabisa huku nyingine zote zikiwa safi. Hapo huanza kutazama meno. Mizizi ya magego ya juu hufika karibu sana na sakafu ya sainasi hiyo, na kwa baadhi ya watu hutenganishwa nayo na mfupa mwembamba mno. Mwalimu mmoja kutoka Lindi alilalamika zaidi kuhusu harufu mbaya aliyoisikia mwenyewe puani, upande wa kulia tu, pamoja na usaha uliokuwa ukirudi kila alipomaliza dozi. Jino halikuwa likimuuma, na hilo si ajabu, kwa sababu usaha ukipata njia ya kumwagikia kwenye sainasi, shinikizo kwenye mzizi hupungua. Daktari wa meno alipogusisha kitu cha baridi sana kwenye gego lililowahi kuzibwa, mwalimu hakuhisi kitu, ilhali meno ya jirani yalishtuka. Jino lilikuwa limekufa.

Kwa mgonjwa wa namna hii siti skani ina thamani, mradi fomu iombe wazi kwamba picha ishuke hadi kwenye mizizi ya meno. Eksirei ya kawaida ya sainasi siiombi tena, kwa kuwa hukosa mengi na hutisha bure. Siti skani naiomba pia dalili za usaha zinapopita wiki 12, na kabla ya upasuaji. Jicho likivimba au kusukumwa nje, macho yakiona viwiliviwili, shingo ikikakamaa, shavu likifa ganzi au damu ikitoka mara kwa mara upande mmoja wa pua, hakuna kusubiri msimu upite. Dalili mbili za mwisho hunifanya nitafute saratani.

Picha ya mwalimu ilionyesha mfupa uliolika juu ya mzizi wa gego lile. Antibayotiki peke yake isingemaliza tatizo, kwa sababu chanzo kingebaki palepale. Jino liling'olewa, na kwa kuwa tundu lake lingeweza kuungana na sainasi, alikatazwa kupenga makamasi kwa wiki mbili na kuelekezwa apige chafya mdomo ukiwa wazi.