Jumamosi tunazibua mtaro: njoo na chepe

Majirani wa Chang'ombe, Jumamosi ya mwisho wa Novemba tunakutana saa 12:30 asubuhi mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Saa 1:00 kamili tunaanza kuchimba na saa 4:00 tunafunga kazi, maana jua la Dodoma baada ya hapo halina utani. Mwenyekiti wa mtaa ana taarifa, na gari la kubeba taka limeombwa kupitia kata.

Safari hii hatufagii barabara. Tunazibua mtaro mmoja tu, ule unaomwaga kwenye kalavati. Kazi yangu ni afya ya mazingira, na mtaro huo nimeupita na futi kamba wiki iliyopita. Una urefu wa mita 120 na upana wa sentimita 60, na mchanga uliojaa ndani una kina cha sentimita 30 hivi. Huo ni mchanga wa mita za ujazo 21 na ushee, na ukichanganyika na taka uzito wake unafika kama tani 32. Huku kwetu miezi ya kiangazi upepo hujaza mitaro taratibu bila mtu kushtuka, halafu mvua ya kwanza ya Desemba ndiyo inatutangazia kwamba mtaro haupo.

Mtu mwenye chepe, akipokezana na mwenzake, anatoa nusu mita ya ujazo kwa asubuhi moja. Tukipata watu 40, na 20 kati yao wana machepe, tutatoa mita za ujazo kama 10. Huo ni nusu ya mtaro. Ndiyo maana tutafanya mita 60 za chini kwanza, kuanzia kwenye kalavati kwenda juu. Ukianzia juu, maji yatashuka na kukutana na kizibo kilekile, na mchanga wote unaolegea utarudi pale ulipokuwa.

Mtaro huu umejengwa kwa zege. Chimba mpaka usikie chepe linalia kwenye sakafu, kisha kwangua. Panapokosekana sakafu, pale ilipovunjika, simama usawa wa zege la jirani, usiendelee kushuka. Ukichimba shimo katikati ya mtaro utakuwa umetengeneza bwawa la mbu. Mwisho tutamwaga ndoo mbili za maji upande wa juu wa kipande chetu. Yakituama mahali, hapo bado.

Kwa hiyo njoo na chepe, au sururu kama huna, maana sehemu zingine mchanga umegandamana kama tofali. Mwenye toroli tunamwomba sana. Vaa mabuti ya mvua au viatu vilivyofungwa, na glovu nene, siyo zile nyembamba za hospitali. Leta barakoa au kitambaa cha kufunga pua, na maji yako ya kunywa. Viroba vya unga vilivyotumika vinafaa, lakini usikijaze: kiroba cha kilo 50 za mahindi kikijaa mchanga kinapita kilo 100, na migongo yetu tunaihitaji Jumatatu. Theluthi moja inatosha.

Taka zina viroba vyake na mchanga una wake. Mchanga msafi tutaufukia kwenye makorongo ya barabara ya ndani. Uliochanganyika na pampasi na chupa unapanda gari kwenda dampo la Chidaya. Mwaka jana hatukutenganisha, na mwenye gari tuliyemlipa hakutokea. Rundo likabaki ukingoni mwa mtaro. Mvua mbili tu, likarudi ndani lote, na mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia watu wakapumzike.

Sindano zimo, niliziona. Usiokote kwa mkono hata ukiwa na glovu. Niite, nitakuja na koleo refu na dumu gumu lenye kifuniko. Atakayechomwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, asilikamue, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja kesho. Kabla ya kuinua taka zilizolala muda mrefu, zigonge kwanza kwa mpini, kuna nge. Ndani ya kalavati haingii mtu: tutavuta taka kwa mti mrefu wenye kulabu, tukishindwa tutawaachia wenye vifaa.

Watoto chini ya miaka 15 wabaki nyumbani, au wasaidie kugawa maji pale ofisini.

Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi, usije. Mchanga uliolowa ni mzito zaidi na kuta za mtaro zinateleza. Tutasogeza mpaka Jumamosi inayofuata, saa ileile, mahali palepale.