Je, wajua databesi moja inakufanyia kazi ngapi za bure?

"Ndugu zangu, tuko madeveloper wanne hapa Kampala, tuna sistimu ya SACCO, kila kitu kiko kwenye programu moja na databesi moja ya PostgreSQL. Kodi ya programu imekuwa nyingi, bosi anasema tukate akaunti za wanachama zikae sevisi yake na mikopo ikae sevisi yake, eti ndo wakubwa wanafanya hivo. Je ni sawa, ama tutajuta?"

Mtajuta, na nitakuonesha mtajutia wapi hasa, manake shida haiko kwenye maikrosevisi zenyewe, yaani kugawa programu iwe sevisi ndogondogo, shida iko kwenye hiyo sehemu mnayotaka kupitisha kisu.

Tuchukue kitu kimoja tu kinachotokea kila siku: mwanachama ameomba mkopo wa shilingi 500,000, kamati imekubali, ada ya mkopo ni asilimia 2. Kwa hiyo vitu vitatu lazima viandikwe. Mkopo uingie kwenye daftari la mikopo, shilingi 490,000 ziingie kwenye akaunti yake, na 10,000 ziingie kwenye akaunti ya ada ya SACCO. Kwenye monolithi yenu ya leo, yaani hiyo programu moja, nadhani ni kitu kama hiki:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO mikopo (mwanachama, kiasi) VALUES (417, 500000);
UPDATE akaunti SET salio = salio + 490000 WHERE id = 417;
UPDATE akaunti SET salio = salio + 10000 WHERE id = 1;
COMMIT;
```

Mistari mitano. Umeme ukikatika katikati, ama seva ikafa baada ya mstari wa tatu, PostgreSQL ikiamka inafuta yote kana kwamba hakuna kilichotokea. Ama vyote vitatu viko, ama hakuna hata kimoja, ndo maana unaitwa muamala mmoja. Mtu mwingine akifungua ripoti wakati huohuo haoni mkopo ulio nusunusu. Hii hamkuiandika nyinyi wala hamuilipii, na ndo maana watu wengi hawajui kama ipo mpaka siku wakiipoteza.

Sasa kata. Sevisi ya mikopo ina databesi yake, sevisi ya akaunti ina yake, zinaongea kwa HTTP. `BEGIN` na `COMMIT` haziwezi tena kushika pande zote mbili, kila databesi inajua mambo yake tu. Mikopo inaandika mkopo upande wake, alafu inatuma ombi kwa akaunti: weka 490,000 kwa 417. Akaunti inapokea, inaandika, inakomiti vizuri kabisa, inajibu "tayari", na hilo jibu linapotea njiani kwa sababu netiwaki imeyumba sekunde chache. Upande wa mikopo mnaona taimauti baada ya sekunde 5.

Hapo sevisi ya mikopo inajua nini? Haijui kitu. Taimauti haimaanishi imeshindikana, inamaanisha sijui. Mkirudia ombi, mwanachama anapata 980,000 na siku hiyohiyo atakuwa ameshazitoa. Msiporudia, kuna siku ombi kweli halikufika, mama wa watu ana deni la laki tano kwenye daftari na salio lake ni lilelile la jana, anakuja ofisini na kelele, na ana haki.

Ndo kazi ya kulipia kile kilichokuwa bure inaanza. Kwanza kila ombi lipewe ufunguo wake, sevisi ya akaunti iuhifadhi ili likija mara ya pili ijue hili nilishalifanya:

```sql
ALTER TABLE miamala ADD COLUMN ufunguo uuid UNIQUE;
```

Mstari mmoja, rahisi, lakini subiri. Huo ufunguo lazima utengenezwe kabla ya ombi la kwanza na uhifadhiwe, manake sevisi ya mikopo ikizima na kuwaka halafu ikatengeneza ufunguo mpya kwa ombi lilelile, mmerudi palepale pa kulipa mara mbili. Kwa hiyo mnaongeza jedwali la maombi yanayosubiri kutumwa, linaandikwa ndani ya muamala uleule unaoandika mkopo, na mnaandika programu ya pembeni ya kulisoma kila sekunde kadhaa na kutuma na kurudia mpaka jibu lije. Hiyo programu nayo inahitaji kuangaliwa, ikilala usiku mikopo yote inakwama na hakuna ekseption hata moja kwenye logi.

Na bado. Itakuwaje akaunti ikikataa, mfano mwanachama amefungiwa akaunti dakika hiyohiyo? Zamani ni `ROLLBACK`. Sasa mkopo umeshakomitiwa upande mwingine, kwa hiyo mnaandika kodi ya kuugeuza, na mkopo unahitaji hali mpya, "unasubiri", "umekubaliwa", "umegeuzwa", na kila skrini na kila ripoti inayosoma mikopo lazima ijue hizo hali, la sivyo mweka hazina atahesabu mikopo ambayo haipo. Mwisho kabisa mtaandika kazi ya usiku ya kulinganisha databesi mbili na kutafuta tofauti, kwa sababu hata na hayo yote tofauti zitatokea. Mistari mitano imekuwa sehemu nne za kodi, na hapo hamjamwongezea mwanachama hata huduma moja.

Ripoti nazo. Ile orodha ya waliochelewa kulipa pamoja na akiba zao, leo ni `JOIN` moja, inarudi kwa milisekunde chache. Mkishakata, mikopo inapata majina 800 ya waliochelewa, alafu kuna kijana ataandika lupu inayouliza sevisi ya akaunti salio la mmoja mmoja. Ombi moja likichukua milisekunde 20, mara 800 ni sekunde 16. Mtarekebisha kwa kuuliza wote kwa mkupuo, sawa, lakini kila ripoti mpya mtakutana na kitu hichohicho. Kuna timu zinachoka, zinaipa sevisi ya mikopo pasiwedi ya databesi ya akaunti ijisomee yenyewe. Ukifika hapo umepata ubaya wa pande zote mbili, manake hamwezi kubadilisha kolamu bila kuvunja upande wa pili na bado mna netiwaki katikati.

Kuhusu "wakubwa wanafanya hivo": kampuni kama Amazon na Netflix walikata kwa sababu wana timu nyingi sana, kila timu inataka kudeploi bila kungoja nyingine. Nyinyi wanne mnakaa chumba kimoja, mkitaka kuongea mnageuza kiti. Na hata huko kwa wakubwa wanarudi nyuma pale ambapo haikuwa na maana. Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video, huduma ya video ya Amazon hiyohiyo, ilieleza kwamba kifaa chao cha kukagua ubora wa video kilikuwa kimegawanywa vipandevipande, picha zinahamishwa kupitia S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, kutoka kipande hiki kwenda kile, wakaviunganisha kuwa programu moja na gharama ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hii haimaanishi Amazon wote wameacha maikrosevisi, hapana, ni kifaa kimoja tu. Ila sababu yao ndo inafanana na yenu: vipande vilivyohitaji data ileile kila wakati viliwekwa mbalimbali.

Kama mnataka kujua bila kubishana na bosi, ulizeni git. Tuseme kodi ya mikopo iko foda `mikopo` na ya akaunti iko foda `akaunti`. Hii inahesabu komiti zilizogusa zote mbili kwa pamoja:

```bash
comm -12 <(git log --format=%h -- mikopo | sort) \
         <(git log --format=%h -- akaunti | sort) | wc -l
```

Linganisha na idadi ya komiti za `mikopo` peke yake. Ikiwa karibu nusu zinagusa zote mbili, basi hizo si sevisi mbili, ni kitu kimoja chenye foda mbili, na mkikata kila kipengele kipya kitakuwa deploi mbili zenye mpangilio, ipi itangulie, na ya nyuma iendelee kuelewa ya zamani. Idadi ikiwa ndogo sana haimaanishi mkate leo, bado lazima muulize kama kuna muamala unaopita katikati.

Sasa kuna sehemu moja kwenu ambayo mimi ningeitoa, na nadhani bosi hajaitaja: kuongea na momo, yaani pesa za simu za MTN. Kule hakuna cha kupoteza, muamala wa pamoja haukuwepo tangu mwanzo. Ukituma ombi la malipo kwa API ya MTN MoMo unaweka `X-Reference-Id` yako mwenyewe, ni UUID, nao wanajibu 202, maana yake tumepokea, si tumelipa. Baadaye ndo unauliza hali kwa namba ileile, inaweza kuwa `PENDING`, `SUCCESSFUL` ama `FAILED`. Ona, ufunguo wa ombi wameshakulazimisha. Kazi ya namna hii inakaa vizuri pembeni, ina foleni yake, ikikwama haiwazuii makarani kuweka akiba za watu. Na kwa vyovyote usiite momo katikati ya `BEGIN` na `COMMIT`, manake siku momo iko polepole safu ya akaunti inabaki imefungwa na kila anayeigusa anasubiri.

Hata hiyo ya momo si lazima iwe sevisi yenye repo yake. Iwe prosesi ya pili ya kodi ileile, databesi ileile, inayosoma jedwali la malipo yanayosubiri. Imezimika? Karani anaendelea. Mkitaka kuiwasha upya, hamgusi ile nyingine.

Na lile la kodi kuwa nyingi, hilo ni kweli na linauma, lakini linatibiwa ndani. Kwenye PostgreSQL wekeni skima mbili ndani ya databesi moja, `mikopo` na `akaunti`, muamala mmoja unapita skima zote bila shida. Kodi ya mikopo isiguse majedwali ya akaunti moja kwa moja, iite funksheni kama `akaunti.weka()`, na testi iwe inafeli mtu akivuka mpaka. Siku mkifika watu 30 na timu ya akaunti inataka kwenda kivyake, mtajua tayari ni funksheni gani zinageuka API, na mtakuwa na orodha kamili ya kila muamala unaovuka hapo. Anzeni na ripoti ya waliochelewa, hiyo ndo itawaonesha mpaka umevujia wapi.