Tangazo la nyumba likipigiwa simu arobaini na hakuna anayehamia

Kazi yangu ni kupangisha na kusimamia nyumba za watu, nyingi ni hizi za upande wa Thika Road, na malalamiko nimeyazoea ni yale ya "simu zinapigwa sana lakini hakuna anayechukua". Landilodi akiniambia hivyo hata siulizi bei kwanza, namwambia anitumie tangazo venye alilipost.

Kuna mama mmoja ana flati Zimmerman, bedrumu mbili, ilikuwa imekaa tupu wiki sita. Lake lilisema hivi:

"Nyumba spasho ya bedrumu mbili Thika Road, maji masaa 24, parkingi ya kutosha, dakika 5 kutoka TRM. Bei poa. Watu siriasi pekee, njoo inboksi."

Kwa wiki moja tu alikuwa amepokea simu kama arobaini. Nikamuuliza wanauliza nini, akasema ni bei, ni Thika Road pande gani, na dipoziti ni ngapi. Si hayo yote yangekuwa kwa tangazo? Kila swali unaloulizwa na mtu wa tatu au wa nne ni sentensi uliyoacha kuandika. Na hilo neno "siriasi" halichuji mtu, hakuna binadamu anajiona si siriasi. Kinachochuja ni namba.

Tukaanza na pesa. Kodi yake ni 26,000 lakini mtu anayehama haangalii kodi tu, anaangalia anahitaji kiasi gani mkononi ndio apewe funguo. Hapo ilikuwa kodi ya mwezi wa kwanza 26,000, dipoziti 26,000, dipoziti ya maji 2,000, jumla 54,000. Stima ni ya tokeni na mita ni ya nyumba yenyewe kwa hivyo hakuna dipoziti ya stima, na hilo pia liandikwe juu watu wamechomwa na mita za kushea. Halafu kuna ya kila mwezi: takataka 300, maji 150 kwa yuniti. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, na familia ya watu wanne kwa hiyo flati hutumia kama yuniti 8, hiyo ni 1,200. Kwa hivyo nyumba ya 26,000 kwa ukweli ni kama 27,500 kabla hujanunua tokeni. Mwenye bajeti ya 26,000 kamili akiona hiyo hesabu ataenda zake, na ni heri aende sai kuliko aanze kuchelewesha kodi mwezi wa tatu.

Maji ndio yalileta ubishi. Mama alikuwa ameandika masaa 24 kwa sababu kuna tanki juu. Nikamwambia tupige hesabu pamoja. Tanki ni la lita 10,000, flati ziko 16, kila nyumba inapata kama lita 625. Familia ya yuniti 8 kwa mwezi inatumia lita 260 na kitu kwa siku, kwa hivyo hilo tanki linasukuma siku mbili na kidogo. Maji ya kanjo hapo yanakuja Jumanne na Ijumaa. Ya Ijumaa yanaisha Jumapili usiku, Jumatatu bomba zimekauka. Keateka nilipomuuliza akacheka tu, akasema Jumatatu ni siku ya madumu, kila mtu anajua. Kila mtu isipokuwa mpangaji mpya! Mimi mwenyewe zamani niliwahi kuficha kitu kama hicho na yule jamaa alikaa miezi miwili akatoa notisi, nikaanza kutafuta upya na rangi ikapigwa upya.

Mama akaogopa kwamba tukiandika Jumatatu hakuna maji watu watakimbia. Watakimbia wengine, ndio. Lakini mtu wa Nairobi anajua maji ya mgao, hakasiriki na mgao, anakasirika na kudanganywa. Tena mtu akisoma umemwambia ubaya wa nyumba anaanza kuamini na ule uzuri uliosema.

"Spasho" nayo tukaitoa, tukabeba tepu. Masta inaingia kitanda cha 5 kwa 6 na wadrobu ya ukutani, ile ya pili ni futi 9 kwa 8, kitanda cha 4 kwa 6 na meza ndogo ya mtoto na hapo imejaa. Hicho ndicho kipimo watu wanaelewa, kitanda. Picha tulipiga saa nne asubuhi pazia zikiwa wazi na taa zimezimwa, juu taa ikiwaka mchana mtu anajua sebule ni giza. Bedrumu ya pili dirisha linatazama ukuta wa jirani, tulipiga hivyo hivyo.

Halafu kulikuwa na "dakika 5 kutoka TRM", hizo ni dakika za helikopta. Nilitembea mwenyewe kutoka steji ya matatu, dakika 9, na mvua ikinyesha ile mita mia ya mwisho ni matope.

Kuhusu nani umtakaye, mama alitaka tuweke "waliooana tu, na wawe Wakristo". Nikamkataza. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa dini, kabila, hali ya ndoa na mengine, na haikatazi serikali peke yake, mtu binafsi pia. Andika habari ya nyumba, mtu ajipime mwenyewe: ghorofa ya nne, hakuna lifti, geti linafungwa saa tano usiku, parkingi ni magari 6 tu, na haina ya mgeni.

Hili ndilo tulilopost:

"Bedrumu mbili, Zimmerman, ghorofa ya 4, hakuna lifti. Kodi 26,000. Kuingia unahitaji 54,000 (kodi, dipoziti, na 2,000 ya maji). Kila mwezi ongeza takataka 300 na maji 150 kwa yuniti. Stima tokeni, mita yako. Maji ya kanjo Jumanne na Ijumaa, kuna tanki, Jumatatu huwa yanaisha kwa hivyo weka madumu. Masta ni kitanda 5 kwa 6, ya pili 4 kwa 6. Dakika 9 kwa miguu hadi steji, mwisho kuna matope ya mvua. Parkingi ukiwahi. Geti saa tano usiku. Iko wazi tarehe 1. Kuona ni Jumamosi saa 4 hadi saa 7, bure. Tuma meseji useme mko wangapi, mnahamia lini, na utakuja saa ngapi."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo naipenda zaidi. Anayejibu yote matatu amesoma. Anayetuma "bado iko?" hajasoma, namjibu kwa heshima lakini simpangii saa.

Meseji zilikuja 11, saba walijibu vizuri, wanne wakaja Jumamosi, na wa tatu kuingia, baba wa watoto wawili, alienda moja kwa moja jikoni akafungua bomba, akauliza keateka dumu zinawekwa wapi. Alilipa Jumatatu, ile siku ya ukame.

Siku hiyo hiyo tulitoa picha zote. Ukiacha tangazo likining'inia, wakora wanabeba picha zako, wanapost nyumba hiyo kwa 15,000 na kuitisha dipoziti kwa simu, halafu wanaopigwa wanakuja kugonga geti lako. Sasa hivi kila picha naandika jina la mtaa na namba yangu katikati, si pembeni penye inaweza kukatwa, na chini naongeza kwamba hatupokei hata shilingi kabla hujaingia ndani ya nyumba.